Mbuzi wa Bibi na Daftari la Hisabati

(Darasa la 5, saa 2 asubuhi. Mwalimu anakagua madaftari. Juma amesimama, mikono nyuma.)

MWALIMU: Juma, zile hesabu 10 za sehemu ziko wapi?

JUMA: Shikamoo, Mwalimu. Nilizimaliza zote, lakini mbuzi wa bibi alilitafuna daftari likiwa limeanikwa juu ya kichanja cha vyombo.

MWALIMU: Marahaba. Jana ulisema lililowa mvua.

JUMA: Ndiyo sababu nililianika, Mwalimu.

(Darasa linacheka.)

MWALIMU: Basi kesho uje na huyo mbuzi.

JUMA: Ameuzwa mnadani, Mwalimu, na aliyemnunua amerudi kulalamika kwamba mbuzi halali usiku, anahesabu kwa sauti, na kila akifika kwenye robo tatu anakwama, kwa kuwa kipande hicho cha ukurasa hakukimeza.

MWALIMU: Kiko wapi?

JUMA: (Anatoa karatasi iliyoliwa pembeni.) Hiki hapa.

MWALIMU: (Anasoma.) Juma, hapa pameandikwa jina lako tu!

JUMA: Ndiyo, Mwalimu. Aliliacha makusudi, ili usije ukampa yeye alama zangu.