Cherehani ya Bi Mwanahamisi

Bi Mwanahamisi alipomwambia mjukuu wake kwamba cherehani ni yake tangu siku hiyo, Zuhura alijibu kwa adabu, lakini bila kusita, kwamba haitaki. Walikuwa ukumbini, katika nyumba yao ya Ngamiani, Tanga, na mama yake Zuhura alimkemea pale pale kwa kukosa shukrani.

"Mpe jirani, bibi, au iuzwe," alisema Zuhura. "Mimi nimesomea uhasibu."

Uhasibu haukuwa sababu. Bi Mwanahamisi aliinunua Singa ile mwaka 1969, tayari ikiwa kuukuu, kutoka kwa fundi mmoja aliyekuwa akirudi kwao Pangani. Bei ya mkonge ilikuwa imeshuka, mashamba yalikuwa yakipunguza watu, na mumewe alikuwa miongoni mwa walioachishwa kazi. Tangu hapo nyumba ilikula kwa sindano. Zuhura, aliyelelewa na bibi huyo, alikumbuka hasa miezi ya Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, ambapo sketi za buluu na mashati meupe ya watoto wa mtaa mzima yalirundikana kitandani, na bibi akakanyaga mpaka usiku wa manane, umeme ukikatika akiwasha chemli, mgongo umepinda na kidole kimefungwa kitambaa kwa sababu sindano ilikuwa imekichoma. Ada yake ya shule ilitoka humo. Kila aliposikia mlio wa cherehani popote pale, alimwona bibi yake akiumia, na aliapa moyoni kwamba akipata kazi chombo kile kitatoka nyumbani.

Bi Mwanahamisi hakubishana naye. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho na hakuweza tena kutunga uzi; alifunika cherehani kwa kipande cha kanga, na kwa siku kadhaa hakuitaja.

Kisha jirani akaleta doti ya kanga iliyotakiwa jioni ile ile kwa ajili ya maulidi, nayo ilikuwa bado haijakatwa wala kupindwa.

"Mke mwenzangu," bibi alimwita Zuhura kwa utani wao wa siku zote, "nitungie uzi, ukanyage wewe. Mimi nitakuelekeza."

Zuhura asingeweza kukataa hilo. Alikata doti katikati, akapata vipande viwili, akakunja ukingo na kuanza kukanyaga. Gurudumu lilirudi nyuma, uzi ukakatika. Mara ya pili mshono ulishika, lakini chini ya nguo uzi ulijaa vifundo.

Bibi alipitisha kidole juu ya mshono kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Uzi wa juu umelegea. Kaza ile skrubu kidogo tu, halafu fumua hapa, tangu mahali ulipoanza kwenda upande."

"Hakuna atakayeona, bibi."

"Mimi sina macho kama yako, na bado nimeona."

Zuhura alifumua. Alipokuwa akivuta nyuzi moja moja, alimweleza bibi yake jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba cherehani hii ilikuwa imemtesa, na kwamba yeye aliikataa kwa kumpenda.

Bi Mwanahamisi alinyamaza kidogo. "Umenionea huruma miaka yote hiyo?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa na uchungu. "Nilichoka, kweli. Lakini babu yako alipokosa kazi, mimi ndiye niliyeingiza unga humu ndani, na wanaume wa mtaa huu walivaa kanzu zangu msikitini siku ya Idi. Nilikuwa nikisimama barazani kuzitazama zikipita. Ukiniona mimi kama mtu aliyeteswa tu, basi ile kazi yangu hujaiona."

Zuhura hakupata jibu. Alirudisha nguo chini ya sindano, akakaza skrubu, akakanyaga polepole. Safari hii mshono ulinyooka, na bibi alipoupapasa hakusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa sifa kubwa. Kipande cha pili alikimaliza kabla ya alasiri.

Mwisho wa mwezi ule alikuja na bajaji kuipeleka cherehani chumbani kwake Makorora, alikopanga, akiwa na nia ya kushona foronya na kupinda kanga jioni atokapo kazini. Bibi alisimamia kila hatua ya kuibeba. Alimkabidhi kichupa cha mafuta na kumtajia matundu yote yanayotakiwa kutiwa tone, akamrudishia yale aliyosahau, akamwonya asiache mkanda wa ngozi ulowe.

"Na mkasi, bibi?" aliuliza Zuhura, akinyoosha mkono.

"Mkasi bado ni wangu," alisema Bi Mwanahamisi. "Ukishona kanzu ya kwanza, uilete niipapase, ndipo tutazungumza habari za mkasi."