Maswali ya jana usiku, na majibu yako yakiwa yametulia

Mdogo wangu,

Jana ulitoka hapa Rau umenyong'onyea, ukasema mtahini wa nje akikuuliza vile utalia. Hukufanya vibaya, ulikuwa na haraka tu. Watoto walipolala nikafungua daftari na kuandika upya maswali tuliyokubana nayo mimi na shemeji yako, pamoja na majibu yako, nikiyanyoosha kidogo. Najua Alhamisi utaitetea tasnifu yako kwa Kiingereza. Yasome kwanza kwa Kiswahili. Jana ulipokwama mara mbili nilidhani ni lugha, kumbe ulikuwa bado hujaamua unataka kusema nini.

*Tueleze kwa kifupi umefanya nini.*

"Nilitaka kujua kama wakunga wa wodi ya uzazi wanaijua patografu, kadi ya kufuatilia uchungu, na kama wanaijaza inavyotakiwa. Niliwapa dodoso, kisha nikapitia kadi za akina mama waliokwisha jifungua. Nimekuta wengi wanaijua vizuri, lakini kadi zilizojazwa kikamilifu ni chache. Tasnifu yangu inahusu pengo hilo."

Ishia hapo. Jana uliingiza mapitio ya maandiko yote, shemeji yako akaanza kuangalia simu.

*Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu mwaka 2020. Kwa nini umehangaika na kadi ya zamani?*

Hili litakuja, weka shilingi yako hapo. Usijitetee kama aliyeshikwa. "Ni kweli, Profesa. Mwongozo wa 2020 unaanza kuhesabu uchungu kamili mlango wa kizazi ukifika sentimita 5, wakati kadi niliyoipitia inaanza sentimita 4. Umeuondoa mstari wa tahadhari na mstari wa hatua, na umeongeza mambo kama mama kuwa na mwenza wa kumsindikiza. Wodi niliyofanyia utafiti ilikuwa bado inatumia kadi yenye mistari miwili, kwa hiyo nilipima kilichokuwepo mezani. Lakini mapigo ya moyo wa mtoto, idadi na muda wa uchungu na hali ya mama vinaandikwa kwenye kadi zote mbili. Kama havijazwi kwenye ya zamani, kubadilisha karatasi peke yake hakutoshi."

Akiuliza mistari ilitoka wapi: Philpott na Castle, 1972, huku huku Afrika, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Wa tahadhari unapanda sentimita 1 kwa saa, wa hatua uko saa 4 kulia kwake. Asipouliza, nyamaza.

*Watu 115 umewapata wapi?*

Hesabu hii iandike kwa mkono mara tatu kabla ya Alhamisi.

```
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384
n = 384 / (1 + 383/140) = 103
103 / 0.9 = 114.4 → 115
```

"Sikuwa na kiwango cha kuaminika cha kuanzia, nikachukua nusu kwa sababu ndiyo inayotoa sampuli kubwa zaidi. Wakunga wote walikuwa 140, nikarekebisha nikapata 103. Nikaongeza ili wasiorudisha dodoso wasiniharibie." Ataweza kusema, mbona usiwachukue wote 140? Mjibu kwamba ingewezekana, na leo ungefanya hivyo. Haitakupunguzia alama. Jana hapa ndipo ulipoanza kugombana.

*Unafanya kazi wodi hiyo hiyo. Nani angethubutu kukukatalia?*

"Niliiona hatari hiyo. Madodoso yaligawiwa na msaidizi asiye wa idara yetu, hayakuwa na majina, yakarudishwa ndani ya boksi lililofungwa. Fomu ya ridhaa ilisema mtu anaweza kuacha wakati wowote. Hata hivyo, siwezi kusema ukaribu wangu haukugusa majibu, na nimeliandika hilo kwenye mapungufu."

*Utajuaje kadi haikujazwa baada ya mtoto kuzaliwa?*

Hapa nataka utulie, maana hapa unajua kuliko wao. Kumbuka ile kadi uliyonielezea: peni moja, mwandiko mmoja, mapigo ya moyo 140, 140, 140, 140 kila nusu saa kwa saa sita, nukta zimepangwa kama shanga. Kila aliyefanya zamu ya usiku leba anaijua kadi hiyo. Lakini kuijua si kuithibitisha, na mtahini atakukamata hapo. "Siwezi kujua kwa uhakika, Daktari. Kadi inaniambia kilichoandikwa, hainiambii kiliandikwa saa ngapi. Ndiyo maana sikusema huduma haikutolewa, nimesema haikuandikwa, au iliandikwa kwa namna inayotia shaka. Ili kujua zaidi ningelazimika kukaa leba na kuangalia, na mkunga akiangaliwa hujaza kadi vizuri kuliko kawaida yake."

*p yako ni 0.03. Ina maana gani?*

Jana ulisema una uhakika wa asilimia 97. Usirudie, tafadhali. "Kama kusingekuwa na uhusiano wowote kati ya mafunzo kazini na ujazaji, tofauti kubwa kama niliyoiona, au zaidi, ingetokea kwa bahati takriban mara 3 katika 100." Akifuatia na *kwa hiyo mafunzo ndiyo yanayosababisha?*, jibu ni hapana: ulipima yote mawili kwa wakati mmoja, na huenda waliopelekwa mafunzoni ndio waliokuwa makini tangu mwanzo.

*Umekuta wanaijua patografu. Mbona pendekezo lako la kwanza ni mafunzo?*

Swali hili aliliuliza shemeji yako, ambaye ni mhasibu, nikaona aibu kwamba mimi sikuliona. Panga upya mapendekezo kwenye slaidi, idadi ya wakunga kwa zamu iwe ya kwanza. Kwenye kitabu pameshapita, kubali tu. "Ni kweli, mpangilio wangu haufuati matokeo. Kuhesabu uchungu kunachukua dakika 10 kila nusu saa. Mkunga mwenye wanawake watatu anamaliza saa nzima akihesabu tu, hajagusa mapigo ya moyo, hajampokea mtoto. Nitarekebisha."

Usilolijua sema hulijui, kisha sema ungelitafutaje. Nilipotetea ya kwangu niliulizwa kitu kuhusu nadharia niliyoitumia, nikabuni jibu, na mtahini akanifuata ndani ya uongo ule kwa dakika kumi. Bado nasikia jasho.

Kunywa maji kabla ya kujibu, kikombe kinakupa muda bila mtu kukuuliza mbona umenyamaza. Swali lenye sehemu tatu liandike kwenye karatasi, wengi hujibu ya mwisho tu. Msimamizi wako akitabasamu usimtazame sana, siku hiyo hawezi kukusaidia.

Chapisha nakala yako na ubandike vikaratasi vya rangi kwenye jedwali la 4, fomula na kibali cha maadili. Slaidi ziwe kwenye flashi mbili, na nyingine zilizochapwa, umeme wa huku unaujua. Viatu vipya viache, vile vyeusi vya wodini vinatosha ukivipiga rangi.

Kesho jioni njoo tena, saa kumi na mbili. Shemeji yako ameomba awe mtahini wa nje, amekwisha tafuta na tai. Alhamisi saa moja na nusu nitakupitia na bajaji, usipande daladala. Uji nitaubeba kwenye chupa.

Dada yako