Chai ya Mama

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ilipokuwa imeshika kisawasawa, Mama aliacha kunywa chai. Alikaa jikoni kwao Ilomba, kajitanda kitenge, akikikodolea macho kikombe.

"Umeweka nini humu?"

"Sukari, Mama."

"Muongo. Wameshaniambia."

Hao waliomwambia ndio walewale walioanza kumsemesha Mama wakati binti yake Tusekile akiwa darasa la sita. Mjomba alimpeleka Mama kwa mganga, akamtoa huko akampeleka kwenye mikesha ya maombi, na ikapita miaka kabla daktari hajaandika skizofrenia kwenye daftari la kliniki. Vidonge havikuzimaliza sauti, ila vilimrudisha yule Mama anayetafuna punje mbili za mchele na kukwambia kama kweli ni wa Kyela au umechanganyiwa. Kwa bahati mbaya vilimkaza shingo na kumtetemesha mikono pia, akavikataa. Ndipo Tusekile, ambaye kibanda chake cha mchele Mwanjelwa hakisubiri mtu, akaanza kuvisaga kwa kijiko na kuvikorogea kwenye chai.

Hakumwambia mtu. Kaka yake wa Dar alikuwa anatuma hela na ushauri, hasa ushauri.

Nesi wa kliniki ndiye aliyemsukuma aende kwenye kikao cha ndugu wa wagonjwa, Jumamosi mchana. Alikuta watu wameketi kwenye mabenchi wakisikiliza mama mmoja wa Uyole akisimulia jinsi mumewe alivyomwandikia mkuu wa mkoa barua ya kudai kwamba mlima Loleza ni mali ya ukoo wao.

"Na mpaka leo hajaulipia kodi," akamalizia.

Chumba kizima kikaangua kicheko, yeye mwenyewe akicheka kuliko wote. Tusekile alishtuka. Huko mtaani kicheko cha namna hii siku zote kilikuwa na mtu wa kuumizwa. Hapa walikuwa wanacheka watu ambao jana usiku hawakulala.

Zamu yake ilipofika, alikusudia kueleza kidogo tu. Yakatoka yote: chai, kijiko, jinsi Mama anavyomtazama siku hizi.

Baba Ipyana, mzee wa Tukuyu mwenye kijana anayeumwa, akajikuna kidevu. "Kwa hiyo anasema unamwekea kitu kwenye chai."

"Ndiyo, baba."

"Na unamwekea."

"...Ndiyo."

"Basi binti yangu, hapo sauti hazina kosa. Hapo mama yako ana haki."

Tusekile alinyanyuka aondoke. Yule mama wa Uyole akamshika mkono, akamketisha. "Kaa mwaya. Mimi nilikuwa naweka kwenye maharage."

Wakamwambia wanayoyajua. Asibishane na sauti, wala asijifanye anazisikia. Aseme tu, mimi sisikii, lakini najua wewe unasikia na zinakutisha. Mikono kutetemeka, daktari aambiwe, maana kuna dawa ya kupunguza. Na kuna sindano ya mara moja kwa mwezi kwa anayechoka kumeza kila siku. Kisha mama wa Uyole akauliza jambo ambalo halikuwahi kuulizwa na ndugu yeyote: "Siku ya kliniki, kibandani anabaki nani? Nitakuja mimi. Niandikie bei tu."

Hapo ndipo Tusekile alipolia.

Kesho yake alimwambia Mama ukweli. Mama hakupiga kelele. Alimwaga chai, akaosha sufuria mara mbili, na wiki ile yote akajichemshia viazi vyake mwenyewe, mlango wa jikoni kaufunga kwa ndani. Tusekile alikula mihogo ya kukaanga sokoni. Usiku alimpigia simu mama wa Uyole, wakazungumza bei ya vitunguu mpaka usingizi ukaja.

Kliniki walikwenda pamoja. Mama mwenyewe ndiye aliyemwonyesha daktari shingo, akamwambia, "Mkinipa tena zile za kunifanya mti, sirudi." Wakapunguza, wakabadilisha, wakakubaliana sindano. Sauti zipo bado. Kwa maneno ya Mama, zimehamia kwa jirani, anazisikia kwa mbali.

Juzi walikuwa wanachagua mchele uani, ungo katikati yao.

"Huko kwenu Jumamosi mnanisema?"

"Tunawasema wote, Mama."

"Na mimi mlinisemaje?"

"Baba Ipyana alisema una haki. Kuhusu chai."

Mama akatupa kijiwe, akafikiri. "Huyo mzee ana akili. Mpelekee sado moja. Na umwambie, kijana wake akichomwa sindano amwache alale, asimpeleke kuchuma chai siku hiyohiyo. Watu wa Tukuyu wanapenda mno kazi."