Kwaherini, watu wa maji wa Tanga

Leo nimesaini daftari la mahudhurio kwa mara ya mwisho. Utarajali wangu umekwisha, kitambulisho nimeshakirudisha kwa afisa utumishi, na hii ndiyo picha tuliyopiga alasiri mbele ya maabara kabla gari la zamu halijaondoka. Naomba mnivumilie, leo naandika kirefu. Watu hawa siwezi kuwaaga kwa mstari mmoja na vikopakopa.

Aliyeniwekea mkono begani, mwenye kitenge cha njano na koti jeupe juu yake, ni mkuu wetu wa maabara. Sisi tunamwita Mama, basi. Mwenye buti na spana mkononi ni fundi mkuu wa mabomba. Aliambiwa aiweke chini spana apige picha vizuri, akakataa. Aliyechuchumaa mbele ni Anko dereva. Dada mwenye ushungi wa bluu anakaa dirisha la huduma kwa wateja, na aliyemshika kiuno ni mtarajali mwenzangu kutoka Lushoto, ambaye anabaki. Mwisho kulia, kofia kifuani, ni Mzee wa machujio. Mlinzi hayupo pichani kwa sababu ndiye aliyetupiga. Shikamoo, Baba, umeipiga vizuri mno.

Na mimi ni huyo wa katikati, ninayecheka.

Wanaonijua watashangaa. Picha zangu zote za nyuma nimefumba midomo. Mimi ni mtoto wa Ngarenanyuki, Arumeru, chini ya Mlima Meru, na wengi wetu tuliokulia kule meno yetu yana rangi ya kahawia. Ni maji. Miamba ya volkano ya upande ule inatoa floridi nyingi, nyingi kuliko kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linaelekeza kisizidi. Mtoto anakunywa, jino linaota limeshaharibika, na hakuna mswaki unaoweza kuliondoa doa lile. Nilipofika hapa siku za kwanza nilikuwa naongea nimeweka kiganja mdomoni. Mama aliniangalia kama wiki hivi, hakusema kitu. Siku moja tuko wawili tu tunaosha chupa, akaniuliza, "Mwanangu, maji ya kwenu mmewahi kuyapima?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi likizo ukienda, njoo nayo."

Nikaenda likizo ya Krismasi, nikarudi na chupa mbili za maji ya kwetu kwenye begi. Tukazipima pamoja, akanionesha namba, akaniacha niiandike mwenyewe kwa mkono wangu kwenye kitabu. Hakunipa pole. Alinipa karatasi za kusoma kuhusu kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ambayo kule Arusha imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi, na akawa ananiuliza maswali kila Ijumaa nikimaliza kujaza ripoti. Toka siku ile kiganja kikashuka. Mama, sikuwahi kukwambia hili mbele ya watu. Nakwambia leo.

Wengi mnaniuliza kwa nini Tanga, wakati wenzangu wa Chuo cha Maji walikuwa wanapigania kubaki Dar es Salaam. Nikiwa bado Ubungo chuoni, mwaka 2024, mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ili wananchi na taasisi wawekeze fedha zao kwenye maji. Habari ile ilinikaa. Nikasema watu wanaothubutu hivi, nataka kuwaona wakiwa kazini. Nimewaona, na mengi mazuri ya kule hayaandikwi gazetini.

Ngoja niwaeleze kidogo, maana naona hata wenyeji wa Tanga hawajui. Maji mnayokinga asubuhi Makorora au Chumbageni yametoka mbali. Mto Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, unaingia bwawa la Mabayani, kisha maji yanasukumwa kwa pampu hadi kwenye mtambo wa kusafishia pale Mowe. Kiangazi mto unakuja umetulia. Masika ni habari nyingine kabisa. Mvua ikipiga milimani usiku kucha, kesho yake maji yanayoingia mtamboni ni tope, rangi ya chai ya maziwa, na dozi ya shabu iliyofaa jana leo haifai.

Hapo ndipo nilipojua Mzee wa machujio ni nani. Aprili, mvua ile kubwa, tulikuwa zamu ya usiku. Tukapanga vile vikombe sita vya lita moja, kila kimoja na dozi yake ya shabu, vikakorogwa kwa kasi dakika moja, halafu taratibu, halafu tukaviacha vituame. Macho yangu mimi yalikuwa kwenye mashine ya kupimia tope. Mzee yeye alichuchumaa, akaweka tochi nyuma ya vikombe, akawa anaangalia tu. Kwenye kikombe cha nne vimadonge vikaanza kushikana, vikubwa, vizito, vikishuka kama maziwa yanayoganda, na juu yake maji yakabaki meupe. Akagusa kioo kwa kidole: "Hiki." Mashine ilipokuja kusoma, kikombe cha nne ndicho kilikuwa na tope dogo kuliko vyote. Halafu akanikumbusha nipime pH, kwa sababu shabu ikizidi inashusha pH na itabidi chokaa iongezwe. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida tu, saa tisa za usiku, koti lake limelowa mpaka mgongoni. Mji mzima ulikuwa umelala. Asubuhi watu wakafungua bomba, maji yakatoka masafi, wakachemsha chai.

Mzee anastaafu mwakani. Nimemwomba na leo naomba tena mbele ya mashahidi: Mzee wangu, kaa na vijana uwape ule ujuzi wa tochi. Haupo kwenye kitabu chochote nilichosomeshwa.

Anko dereva naye, jamani. Kazi ya kuchukua sampuli ni kazi ya jua. Unafika kwa mteja, unaomba ruhusa, unafungua bomba maji yatiririke kwanza, unauchoma mdomo wa bomba kwa moto wa spiriti, unakinga kwenye chupa iliyochemshwa bila kugusa ukingo wake, unaifunika, unaiweka kwenye sanduku la barafu. Kisha unapima klorini iliyobaki palepale, unatia kidonge, maji yanageuka rangi ya waridi, unasoma. Isipungue miligramu 0.2 kwa lita, vinginevyo hayo maji hayana ulinzi njiani. Ngamiani, Mikanjuni, Pongwe, Raskazone, kote huko tumepita. Anko hakuwahi kukaa ndani ya gari akanisubiri. Alishuka, akabeba sanduku, akawasalimia wenye nyumba kwa majina, akawaeleza kwa nini binti huyu anachoma bomba lao. Bibi mmoja wa Ngamiani alikuwa anaogopa tumekuja kumkatia maji. Anko alikaa naye barazani, wakaongea kuhusu jamaa zao wa Pangani mpaka bibi akacheka, na tulipoaga akatupa mkate wa ajemi wa moto tule njiani. Kila tulipopita mtaa ule baadaye, bibi alitoka mwenyewe kutufungulia.

Fundi, wewe nakushukuru kwa jambo moja kubwa. Uliponipeleka kwenye bomba lililopasuka nikawa nimesimama kando na daftari, ulinipa koleo. Hukuniuliza kama wanawake wanachimba.

Dada wa dirishani, asante kwa subira yako. Nimekaa nawe mapokezi nikaona mtu anaingia amefura, anapiga meza kwa sababu ya ankara, na wewe unamwambia "karibu kaka, kaa kwanza", unafungua rekodi zake, unamtafutia fundi aende kuangalia dira. Anaondoka anakushukuru. Na asante kwa chumba. Mwezi wa kwanza posho ilichelewa, ukanipokea nyumbani kwenu bila masharti, na mama yako akawa ananiwekea chakula hata nikitoka zamu saa nne usiku. Shikamoo zangu zimfikie, mwambie ule mchuzi wa ngisi sijaupata kwingine na sidhani nitaupata.

Wewe mwenzangu wa Lushoto, usilie tena. Tumelia vya kutosha jikoni pale. Daftari langu la rangi nyekundu nimekuachia kwenye droo ya pili, lina kila kitu: namna ya kurekebisha ile mizani inayosumbua, siku za kubadilisha maji ya kuogeshea vyombo, namba za wenye nyumba za sampuli na saa wanazopatikana. Akija mtarajali mwingine mpokee kama ulivyonipokea. Mwoneshe mapema kwa mama lishe wa nyuma ya karakana, asije akala vitumbua vya baridi kama sisi wiki ile.

Watu wa hapa wana msemo kuhusu mji wao: waja leo waondoka leo. Mimi nimekaa nikazoea, na kuondoka kunaniuma. Tangu asubuhi nimekuwa nikifuta machozi nikisingizia harufu ya klorini, na hakuna aliyedanganyika, kwa sababu wote pale wanaijua harufu ya klorini kuliko mimi.

Kesho alfajiri napanda basi Kange, naelekea nyumbani. Nimeomba kazi wakala wa maji vijijini na sehemu nyingine mbili, majibu bado. Huku nikisubiri, nina ile karatasi ya mkaa wa mifupa na shule ya msingi niliyosoma ina tangi la maji ya bomba ambalo watoto wanakunywa kila siku. Nimeshaongea na mwalimu mkuu, amekubali tuanze na kupima. Mama amesema sampuli nizitume kwake na basi, atazipima. Anko ameshajitolea kwenda kuzipokea stendi.

Picha zilizobaki, pamoja na ile ya Mzee na keki, nitaziweka kwenye grupu letu usiku huu. Fundi, uliomba ile uliyoshika spana peke yako. Hiyo nakutumia kwako moja kwa moja. Na tafadhali msinitoe kwenye grupu. Nataka niendelee kuona kila asubuhi tope limesomaje.