Barua kwa Bodi: Ombi la Kukagua Hesabu na Kuelezwa Gawio Lisilolipwa

14 Aprili 2025

Mwenyekiti na Wajumbe,
Bodi ya Wakurugenzi,
Kwa mkono wa Katibu wa Kampuni.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUKAGUA VITABU VYA HESABU NA MAELEZO KUHUSU GAWIO LA MWAKA 2022 NA 2023

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanahisa mwenye hisa 6,000 kati ya hisa 100,000 za kampuni yetu, yaani asilimia 6, kwa cheti cha hisa namba 0031. Hisa hizi nilizinunua mwaka 2011 kwa kiinua mgongo changu. Si mkurugenzi wala mwajiriwa, na sina mkataba wowote wa biashara na kampuni.

Mkutano Mkuu wa Mwaka wa tarehe 28 Juni 2023 ulipitisha, kwa pendekezo la Bodi yenyewe, gawio la asilimia 40 ya faida baada ya kodi ya mwaka 2022, lilipwe kabla ya tarehe 30 Septemba 2023. Azimio hilo limo katika kumbukumbu za mkutano, nami nina nakala iliyosainiwa na Mwenyekiti. Hadi leo sijapokea chochote. Niliandika barua tarehe 9 Septemba 2024 na sikujibiwa. Nilipopiga simu ofisini niliambiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Ningeweza kuendelea kusubiri kama ingekuwa kuchelewa tu. Kilichonifanya niandike rasmi ni hesabu zilizokaguliwa za mwaka ulioishia 31 Desemba 2023, ambazo nimezisoma ukurasa kwa ukurasa. Katika taarifa ya mabadiliko ya mtaji, gawio lote la mwaka 2022 limetolewa kwenye malimbikizo ya faida. Hapo sina neno. Lakini gawio lililotangazwa na ambalo halijalipwa ni deni la kampuni kwa wanahisa, na mahali pake ni kwenye mizania, upande wa madeni ya muda mfupi. Halipo. Badala yake, taarifa ya mtiririko wa fedha, katika sehemu ya shughuli za mtaji na mikopo, inaonyesha gawio hilo kuwa limelipwa, tena lote.

Limelipwa kwa nani? Mimi sikulipwa. Wanahisa wengine wawili wenye hisa chache kama mimi wameniambia kuwa nao hawakulipwa. Naona maelezo mawili tu yanayowezekana: ama baadhi ya wanahisa walilipwa na wengine wakaachwa, ingawa hisa zetu ni za daraja moja na zina haki sawa, ama fedha hazikutoka kabisa na taarifa iliyosainiwa na wakurugenzi wawili si sahihi. Kama lipo elezo la tatu, nitafurahi kulisikia, na nitalipokea kwa moyo mweupe.

Kuhusu mwaka 2023, Bodi haikupendekeza gawio lolote, kwa sababu kampuni inahitaji mtaji wa kuendeshea shughuli. Natambua kwamba mkutano mkuu hauwezi kutangaza gawio kubwa kuliko lile lililopendekezwa na Bodi, na kwamba faida kwenye karatasi si lazima iwe fedha benki. Kampuni inaweza kuwa na faida nzuri huku fedha zake zikiwa kwa wadaiwa au kwenye bidhaa zilizo ghalani. Lakini katika mwaka huohuo malipo ya wakurugenzi yaliongezeka kwa asilimia 35, na maelezo namba 19 ya hesabu yanataja mkopo usio na riba kwa “kampuni inayohusiana” bila kusema ni kampuni gani, inahusiana na nani, wala mkopo utarejeshwa lini. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 24 kinataka aina ya uhusiano, kiasi na masharti ya miamala ya namna hiyo yawekwe wazi. Kampuni yenye upungufu wa mtaji inakopeshaje nje bila riba?

Ndugu Mwenyekiti, naomba Bodi ilitazame jambo hili kutoka tulipo sisi. Wanahisa wakubwa wa kampuni yetu ndio hao hao wakurugenzi. Gawio lisipotoka, bado wanapata mishahara, posho za vikao na magari. Sisi wenye hisa chache tuna mlango mmoja tu wa kunufaika na mtaji wetu, nao ni gawio. Hatuwezi hata kuuza hisa hizi kwa urahisi, kwa kuwa katiba ya kampuni inataka kila uhamisho uidhinishwe na Bodi. Kwa hiyo uamuzi wa kutolipa, hata ukiandikwa kuwa unawahusu wanahisa wote, unatuumiza sisi peke yetu.

Najua kwamba kuwa mwanahisa hakunipi moja kwa moja haki ya kufungua vitabu vya kampuni. Hata hivyo, Ibara ya 94 ya katiba yetu inaipa Bodi mamlaka ya kumruhusu mwanahisa kuvikagua, na ninaiomba Bodi itumie mamlaka hayo. Sihitaji kuona orodha ya wateja, bei za mikataba wala siri nyingine za biashara. Ninachoomba ni leja ya gawio pamoja na orodha ya waliolipwa, tarehe na kiasi. Taarifa za benki za kuanzia Julai 2023 hadi Machi 2024 zinazothibitisha malipo hayo. Hati za kodi ya zuio, kama ilikatwa. Mkataba wa mkopo ulio katika maelezo namba 19 na azimio la Bodi lililouidhinisha. Na mchanganuo wa malipo ya wakurugenzi kwa mwaka 2022 na 2023. Nitafika na mhasibu mwenye leseni, kwa gharama yangu, katika saa za kazi na siku itakayowafaa. Sote wawili tuko tayari kusaini ahadi ya kutunza siri.

Pamoja na ruhusa hiyo, naomba maelezo ya maandishi kuhusu gawio la 2022 na tarehe ya kulilipa. Mkutano ukishatangaza gawio na siku ya malipo kupita, Bodi haina tena uwezo wa kulifuta. Ikiwa tatizo ni uhaba wa fedha, nielezwe hivyo. Niko tayari kulipwa kwa awamu, mradi ratiba iandikwe na iwe moja kwa wanahisa wote ambao hawajalipwa.

Naomba majibu kabla ya tarehe 16 Mei 2025. Nisipoyapata, nitaungana na wanahisa wenzangu kuomba mkutano mkuu wa dharura, kwani kwa pamoja tunafikia asilimia 11 na katiba inataka asilimia 10. Pia nitadai gawio la 2022 mahakamani kama deni, na kuiomba mahakama iangalie kama kampuni inaendeshwa kwa namna inayowaonea wenye hisa chache. Ningependa tusifike huko. Kesi ya namna hiyo hula fedha na muda, na jina la kampuni ndilo huumia kwanza.

Nakala ya barua hii nimempelekea mkaguzi wa hesabu wa kampuni, kwa sababu hoja ya mtiririko wa fedha inagusa taarifa aliyoitolea maoni. Nimeambatisha nakala za cheti cha hisa, kumbukumbu za mkutano wa 28 Juni 2023 na barua yangu ya 9 Septemba 2024.

Wako katika ujenzi wa kampuni,

(Imesainiwa)
Mwanahisa, Cheti Na. 0031

Nakala: Mkaguzi wa Hesabu wa Kampuni