Kwa Nini Tiketi ya Bahati Nasibu Haijengi Akiba

Vijana wangu, nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu akiba, nami nimeona nianze na tiketi ya bahati nasibu, kwa sababu baadhi yenu mmeniambia kwamba mkifikisha umri unaoruhusiwa mtainunua kila wiki ili mpate mtaji.

Tuchukue mchezo ambao mchezaji huchagua namba 6 kati ya 49. Michanganyiko inayowezekana ni 13,983,816, na ni mmoja tu unaoshinda zawadi kuu. Anayenunua tiketi moja kila wiki kwa miaka 10 atakuwa amenunua tiketi 520, na katika muda huo wote uwezekano wake wa kuipata zawadi hiyo ni takriban 1 kati ya 26,900. Wala kukosa mara nyingi hakumsogezi karibu na ushindi, kwa kuwa kila droo huanza upya, bila kujali namba zilizotoka wiki iliyopita.

Lakini hata uwezekano huo mdogo si kiini cha tatizo. Fedha za tiketi hugawanywa kabla ya droo: sehemu huenda kwa mwendeshaji, sehemu kwa wauzaji, sehemu kwa kodi au shughuli za umma, na kinachobaki ndicho kinachorudi kwa wachezaji kama zawadi. Hivyo wachezaji wote kwa jumla hupokea pungufu ya walichotoa, na hakuna ustadi wa kuchagua namba unaoweza kubadilisha hilo. Wanaochagua tarehe za kuzaliwa hujibana zaidi, maana namba hizo haziwezi kupita 31 na huchaguliwa na watu wengi, kwa hiyo wakishinda huenda wakagawana zawadi.

Sasa mfikirieni kijana anayeweka bei ya tiketi hiyohiyo kila wiki kwenye akaunti ya akiba. Baada ya miaka 10 ana bei za tiketi 520 zilizo zake, bila kutegemea droo yoyote, na kama akaunti inatoa riba ya asilimia 5 kwa mwaka ambayo nayo inazaa riba, atakuwa na zaidi ya 650. Nakiri kwamba kiasi hicho hakisisimui kama picha ya mshindi gazetini, na kupanda kwa bei kunaweza kukila kwa sehemu. Hata hivyo kipo, na kinaweza kulipa ada au kununua kifaa cha kazi.

Simdharau anayenunua tiketi. Mwenye kipato kidogo huiona kama mlango pekee uliobaki wazi, na hilo ndilo linaloniumiza, kwa sababu fedha anayoipoteza ndiyo aliyoihitaji zaidi.

Chukueni karatasi, kila mmoja aandike kiasi anachoweza kuweka kwa wiki, kisha tupige pamoja hesabu ya miaka 10.