Kisanduku kikija kitupu: maneno ya skrini kwa dawati letu la bwana shamba na bibi shamba

Haya ndiyo maneno mapya ya kuingizwa kwenye mfumo wa ujumbe, mkulima akigusa Tuma bila kuandika kitu, badala ya lile moja lililopo sasa, «Ingizo batili. Tafadhali ingiza ujumbe.» Nimekaa kibarazani na mama mmoja wa Mkindo, vidole vimejaa pumba, akagusa Tuma kabla hajaandika neno. Akasoma «batili», akaniambia, «Simu imekataa,» akaizima asije akamaliza bando. Alikuwa na kuku wanakufa. Batili ni neno la mahakamani, na huyu mama hakuwa amekosea kitu. Alikuja na shida, akakosa pa kuanzia.

Kwa hiyo kila ujumbe hapa chini unampa mtu neno la kwanza, au unamwomba kitu anachoweza kujibu kwa neno moja au tarakimu. Mstari wenye alama pembeni ndio unaoonekana kwenye skrini, unakiliwe ulivyo.

Ndani ya kisanduku, kabla hajaandika (yale maandishi ya kijivu)

> Mfano: Mahindi yana wiki 3, majani yametoboka

Basi. Yanafutika akigusa herufi ya kwanza, kwa hiyo tusiweke humo maelekezo ya maana. Masika yakiisha tubadilishe mfano:

> Mfano: Nina gunia 12 za mahindi, naona unga chini ya gunia

Na kwa walioingia kupitia ukurasa wa mifugo:

> Mfano: Kuku 4 wamekufa tangu jana

Ametuma kitupu, mara ya kwanza

> Karibu. Umegusa Tuma, lakini maneno hayajafika. Anza na jina tu la zao au mfugo: mahindi, mpunga, nyanya, kuku, mbuzi. Mengine tutakuuliza sisi.

Sikuweka «Tukusaidieje?» Swali hilo linamrudishia mzigo mtu ambaye ndiyo kwanza umemshinda. Wala hakuna «Mpendwa mteja». Shikamoo nimeiacha kwa sababu skrini haijui inaongea na mzee wa miaka 70 au kijana wa kidato cha pili. Bibi shamba akishika zamu atamwamkia mwenyewe akishajua umri.

Chini ya ujumbe huo kuna vitufe vinne. Akigusa kimoja, mwanzo wa sentensi unaingia kwenye kisanduku, yeye anamalizia:

> Mmea wangu wa …
> Kuku wangu wana …
> Nataka kupanda …
> Ghalani kumeingia …

Kitufe kisitume chenyewe. Tulijaribu hivyo, tukapokea «Ghalani kumeingia» kumi na mbili asubuhi moja, na hakuna aliyejua kilichoingia ni panya, fukusi, maji au mwizi.

Ametuma kitupu tena

> Andika namba moja tu, kisha gusa Tuma.
> 1 Mmea unaumwa
> 2 Mfugo unaumwa
> 3 Mbegu au mbolea
> 4 Nafaka ghalani
> 5 Nipigieni

Isizidi tano. Ikiwa sita, kwenye simu ndogo, ya mwisho inajificha chini ya kibodi, na ya mwisho ndiyo wengi wanayoitaka.

Mara ya tatu

> Hatukuchoshi na maswali. Andika PIGA, bwana shamba au bibi shamba atakupigia kwa namba hii leo kabla ya saa 11 jioni. Hulipi kitu.

Baada ya hapo mfumo unyamaze. Asipoandika, asiandikiwe tena siku hiyo.

Ametuma nukta, au alama ya kuuliza peke yake

> Nukta yako imefika, mtandao uko sawa. Sasa tuambie: ni mmea, mfugo au ghala?

Huu naupenda kuliko yote. Watu wengi huku hutuma nukta kupima kama ujumbe unaenda, kama unavyobisha hodi na kusikilizia. Anayebisha hodi tunamwitikia. Ila «mambo», «habari za kazi» na «halo» si vitupu. Hizo ni salamu, ziende moja kwa moja kwa aliye zamu, naye aitikie kama mtu.

Picha imekuja bila neno

> Picha imefika. Ni zao gani, na lina wiki ngapi tangu lipandwe? Mfano: mahindi, 3

Akijibu mahindi, na ni kati ya wiki ya 2 na ya 8, swali linalofuata ni hili:

> Chungulia kwenye moyo wa mhindi. Kuna uchafu kama unga wa mbao uliolowa? Andika NDIYO au HAPANA.

> Umemwona kiwavi mwenyewe? Tazama kichwani: kuna alama kama Y iliyopinduliwa? Tazama karibu na mkia: kuna madoa manne yaliyokaa kama mraba? Andika ZOTE, MOJA au HAKUNA.

Alama hizo mbili ndizo zinazomtenga kiwavijeshi vamizi na funza wa shina tuliyemzoea. Huyu mgeni aliingia Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 alishakuwa mashambani Tanzania, kwa hiyo wapo wazee wenye uzoefu wa miaka 40 ambao bado wanamwita kwa jina la yule wa zamani na kumnunulia dawa ya yule wa zamani. Tusiwaulize jina la mdudu. Tuwaulize walichokiona.

Picha imekuja, haionekani

> Picha imefika lakini ina giza. Piga nyingine: jani moja, karibu, jua likiwa mgongoni kwako. Ukishindwa, andika tu jani lina rangi gani.

Sauti imekuja, haina neno

> Sauti yako imefika, lakini hatusikii maneno. Huenda kidole kiliachia mapema. Shikilia alama ya maiki mpaka umalize kusema. Anza na: «Shamba langu liko…»

Kuku

Aliyegusa kitufe cha kuku akatuma bila kumalizia:

> Andika namba mbili: waliokufa, kisha walio hai. Mfano: 4 20

> Je, ndani ya miezi 3 iliyopita waliwekewa tone la chanjo ya kideri jichoni? Andika NDIYO, HAPANA au SIJUI.

«Sijui» lazima iwepo. Nyumba nyingi aliyechanja si yule aliyeshika simu.

Kwa msimu

Haya yanachukua nafasi ya ujumbe wa mara ya kwanza kwa mtu tunayejua analima nini. Machi hadi Mei:

> Karibu. Mvua imeshika huko kwako? Andika IMESHIKA au BADO, tuanzie hapo.

Kwa wa mpunga, Dakawa na Mkindo:

> Karibu. Uko kwenye kitalu, kupandikiza au kupalilia? Neno moja linatosha. Ukitaka mbegu ya SARO 5, andika MBEGU na ukubwa wa shamba. Mfano: MBEGU eka 2

Juni hadi Agosti, kwa wa mahindi:

> Karibu. Mahindi yamekauka vya kutosha kuingia ghalani? Andika NDIYO, BADO au SINA HAKIKA.

Anayejibu SINA HAKIKA:

> Chukua chupa kavu yenye mfuniko. Tia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, kisha acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Andika IMEGANDA au HAIJAGANDA.

Huu ni mrefu kuliko nilivyotaka, nimeshindwa kuukata. Kifaa cha kupima unyevu hakiko kila kijiji, chumvi ipo kila jiko, na mahindi yakiwekwa mabichi ndipo ukungu wa sumukuvu unapopata nafasi.

Kwa ghala lililokwisha kuingiliwa:

> Unaona unga mwingi na punje zilizotobolewa? Huenda ni dumuzi, wengine wanamwita skania. Tuambie: mahindi yako kwenye gunia la kawaida, mfuko usiopitisha hewa, au kihenge?

Anayerudi

> Karibu tena. Mara ya mwisho tuliongea habari za nyanya. Ni zile zile? Andika ZILE au JIPYA.

Zao tu ndilo litajwe. Deni la mbolea, kiasi alichoagiza au ugonjwa wa mtu visitokee hapa, maana simu moja inashikwa na nyumba nzima. Na mtu akiandika kisha akafuta, mfumo usiseme chochote. Hakuna anayependa kujua kuwa alikuwa anachunguliwa.

Usiku, saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi

> Saa hizi ofisini hakuna mtu. Acha neno moja tu, kama «nyanya» au «kuku», tutalikuta saa 2 asubuhi na kukupigia.

Na mstari huu ukae chini yake, usiku na mchana, kwa maandishi meusi, si ya kijivu:

> Mtu amekunywa au amevuta dawa ya shamba? Usisubiri jibu letu. Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, na beba chupa ya dawa.

Kwa kitochi

> Ujumbe wako umefika mtupu. Jibu kwa neno moja: MMEA, MFUGO, MBEGU, MBOLEA, GHALA au PIGA. Mfano: MFUGO. Kujibu ni bure.

> Ng'ombe, mbuzi au kuku? Andika mnyama na tangu lini anaumwa. Mfano: NG'OMBE JUZI

Fundi wa mfumo, angalia hiyo alama ya juu kwenye ng'ombe. Iwe ile iliyonyooka. Ikigeuka kuwa iliyopinda (’), ujumbe wa kawaida unashuka kutoka herufi 160 hadi 70, unakatika vipande viwili, na tunalipia mara mbili. Tarakilishi yangu huipinda yenyewe, kwa hiyo usinakili kutoka kwenye barua pepe zangu.

Nafasi tupu nazo zihesabiwe kuwa kitupu, na picha au sauti zisihesabiwe:

```js
if (ujumbe.trim() === "" && !picha && !sauti) {
  if (mara <= 3) onyesha("tupu_" + mara);
}
```

`mara` ianze na 1, na irudi 1 kila siku mpya. Aliyeshindwa jana asikutane leo na PIGA kama karipio.

Aliyeondoka bila kuandika

Siku ya pili, mara moja tu, na si kabla ya saa 3 asubuhi, watu wakiwa wametoka shamba la asubuhi:

> Jana ulipita hapa. Tupo. Ukipata nafasi, andika jina la zao au mfugo.